Kabla ya Kubadilisha Fedha: Duka au Benki?

Bango la duka la kubadilishia fedha huwa na safu mbili za bei, kununua na kuuza, na zote mbili zimeandikwa kwa upande wa mwenye duka. Anayekwenda kutafuta dola kwa ajili ya safari asome safu ya kuuza. Anayerudi na dola akitaka shilingi asome ya kununua. Gharama halisi imo katika pengo lililo kati ya safu hizo, hata pale dirishani palipobandikwa tangazo kwamba hakuna kamisheni.

Kabla ya kutoka nyumbani, tazama kiwango cha siku hiyo kwenye tovuti ya Benki Kuu, kisha ukifanye kipimo. Tuchukue mfano wa Dar es Salaam ambapo kiwango cha kati, yaani katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, ni shilingi 2,500 kwa dola. Duka linanunua kwa 2,450 na kuuza kwa 2,550. Mtu anayehitaji dola 1,000 atalipa shilingi 2,550,000, na kwa kuwa thamani yake kwa kiwango cha kati ni 2,500,000, ameshalipa 50,000 ambazo hazitaonekana kwenye risiti kama ada. Akirudi na dola 300 na kuziuza papo hapo, bei zikiwa hazijabadilika, atapoteza shilingi 100 kwa kila dola, yaani 30,000, ingawa nusu yake tayari imo katika zile 50,000. Ndiyo maana ni vyema kukadiria mahitaji kwa makini badala ya kununua nyingi kwa tahadhari.

Sasa tuseme benki inauza kwa 2,530, bei inayovutia zaidi, lakini inatoza ada ya 30,000 kwa kila muamala. Dola 1,000 zitagharimu 2,560,000, zaidi ya dukani. Kwa dola 2,000 hali inageuka: benki 5,090,000, duka 5,100,000. Kwa mfano huu mizani inalingana kwenye dola 1,500. Kwa hiyo swali la kumuuliza karani, wa duka au wa benki, si bei ya leo tu, muulize, "Nikitaka dola 1,000 mkononi, nitatoa shilingi ngapi kwa jumla?" Jibu hilo ndilo linalolinganishika.

Anayeuza dola achunguze pia noti zake. Maduka mengi, na hata benki, hununua noti ndogo kwa bei ya chini kuliko noti ya 100, na noti za matoleo ya zamani, zilizochanika au zenye maandishi huweza kukataliwa. Bei kubwa ya kununua iliyoandikwa bangoni mara nyingi ni ya noti za 50 na 100 pekee, hivyo mtu mwenye noti za dola 10 aulize bei yake kabla hajazipitisha dirishani.

Mwisho, beba kitambulisho au pasipoti, hesabu fedha mbele ya karani, na uhakikishe kwamba kiwango kilichochapishwa kwenye risiti ndicho ulichoambiwa.