Shukrani kwa wanakikoba baada ya msiba

Ukishamaliza msiba, usiishie kutuma "asanteni sana" kwenye grupu la WhatsApp. Subiri siku ya kikao, omba dakika mbili kwa mwenyekiti kabla sanduku halijafunguliwa, maana hisa zikianza kuhesabiwa hakuna anayekusikiliza.

Tenganisha vitu viwili. Fedha ya mfuko wa jamii wa kikoba ni haki yako kwa katiba ya kikundi, hivyo shukuru kikundi kizima. Rambirambi ya mifukoni mwao ni hiari, hiyo ishukuru kivyake. Nilipofiwa na mama hapa Uyole nilisema hivi: "Ndugu zangu, laki moja ya mfuko ililipa gari la kwenda Tukuyu. Elfu themanini mlizochanga zilinunua mchele na mafuta. Na kina mama mliokesha jikoni na kuteka maji, nimewaona."

Usisome nani alitoa kiasi gani. Aliyetoa elfu mbili atainamisha kichwa, na kikao kijacho huenda asije. Ukitaja jumla, hakikisha kwanza na mweka hazina. Tofauti ya elfu tano tu huzua minong'ono.

Soda si lazima. Mimi nilipeleka ndizi za kuchemsha na chai.