Troponini ya kwanza ni hasi: kesi ya maumivu ya kifua kwenye mtihani wa mwisho

Kesi yenyewe hii. Mzee wa miaka 58, mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, ana kisukari na anavuta sigara. Kifua kilianza kumbana saa 1:00 asubuhi, maumivu yakapanda hadi taya, jasho likamtoka. Akadhani ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa ya maji ya kupunguza asidi, akasubiri. Bajaji ikamfikisha idara ya dharura saa 2:15, bado kifua kinabana. Presha 148/90, oksijeni 96%. Troponini ya saa 2:30 ni 11 ng/L, na kikomo cha maabara hiyo ni 14. Mtahini anakutazama: "Daktari, majibu ni ya kawaida. Unamruhusu?"

Hatua ya 1: Tafuta saa ya maumivu. Bila saa hiyo, namba 11 haina maana. Misuli ya moyo ikianza kufa, troponini huchukua muda kuvuja hadi kuonekana kwenye damu: kwa vipimo vya zamani saa 3 hadi 6, kwa vile vya unyeti wa juu mapema zaidi. Damu ya mzee huyu ilichukuliwa saa moja na nusu tu tangu kifua kianze kubana. Mgonjwa akikwambia "tangu jana", usiandike hivyo hivyo. Muulize kama yalikuja na kuondoka, na haya yasiyoachia yalianza lini.

Hatua ya 2: ECG ndani ya dakika 10 za kufika. Hii ndiyo inayogawa njia, na haingoji maabara. ST ikiwa imepanda kwenye lidi mbili zinazopakana, pamoja na maumivu kama haya, hiyo ni STEMI. Mtahini akikuuliza troponini hapo, jibu ni kwamba hutaisubiri. Unapiga simu kwenye maabara ya katheta. Kwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Ikiwa mshipa unaweza kufunguliwa ndani ya dakika 120 tangu utambuzi, mpeleke. Hesabu hiyo ihusishe foleni ya barabarani, siyo kilomita peke yake. Ikishindikana, na maumivu hayajapita saa 12, na hakuna kizuizi kama kiharusi cha kuvuja damu, toa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Mzee wetu ST yake imeshuka milimita 1 kwenye V4 hadi V6. Hapa wanafunzi wengi hukimbilia streptokinesi, na hapo ndipo alama zinapopotea: bila ST kupanda, dawa ya kuyeyusha haimsaidii, inamwongezea hatari ya kuvuja damu. ST ikishuka V1 hadi V3, weka lidi za mgongoni, V7 hadi V9, kwa sababu inaweza kuwa STEMI ya nyuma ya moyo.

Hatua ya 3: Anza tiba sasa. Kwanza pima presha mikono yote miwili na uulize kama maumivu yanachana kuelekea mgongoni, kwani aota iliyochanika ukiipa dawa za kuzuia damu kuganda unaua. Kisha aspirini miligramu 300, aitafune. Klopidogreli 300, enoksaparini miligramu 1 kwa kila kilo chini ya ngozi (figo ziangaliwe), atovastatini 80. Nitrogliserini chini ya ulimi inafaa, ila siyo namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 90, wala aliyemeza sildenafili ndani ya saa 24. Swali hilo muulize faragha, mkewe akiwa nje. Oksijeni usimpe: 96% inatosha, hutolewa ikishuka chini ya 90%.

Hatua ya 4: Rudia. ECG irudiwe kila maumivu yanapobadilika. Troponini ya pili saa 3 baada ya ile ya kwanza, yaani saa 5:30. Kwa mashine ya zamani ngoja zipite saa 6 tangu ile ya kwanza. Ya mzee inarudi 64. Kinachotafutwa ni mwendo wa namba: kutoka 11 hadi 64 pamoja na dalili na ECG ni NSTEMI. Mgonjwa wa figo za muda mrefu anaweza kukaa 60 leo, 62 baadaye, bila shambulio jipya.

Sasa analazwa kwenye kitanda chenye monita, na katheta ipangwe ndani ya saa 24. Maumivu yakigoma, presha ikianguka au mapigo yakivurugika, iwe ndani ya saa 2.

Mtahini mjanja atageuza: "Na ya pili ingekuwa 12?" Basi misuli haijafa, lakini maumivu akiwa amepumzika pamoja na ST iliyoshuka ni anjina isiyo tulivu. Harudi Kariakoo leo.