Kabla ya kuhamia mkataba mpya: pengo la chati ambalo si mwendo wa bei

Chati ya mafuta ghafi ya WTI yenye alama `CL1!` si ya kitu kimoja, ingawa inachorwa kwa mstari mmoja. Ni vipande vya mikataba mingi vilivyoungwa, kila kimoja na mwezi wake wa kukabidhi mafuta na siku yake ya mwisho. Mkataba wa Mei ukiisha, chati inaendelea na wa Juni, kisha wa Julai, na hivyo hivyo. Kwenye kiungo ndipo gepu linapozaliwa. Pipa la kukabidhiwa Cushing, Oklahoma, mwezi Mei, na pipa la kukabidhiwa hapohapo mwezi Juni ni bidhaa mbili zenye bei mbili. Katikati kuna kodi ya tangi, riba ya fedha, na hofu au matumaini ya soko kuhusu mwezi huo mmoja. Chati ikiruka kutoka bei ya kwanza hadi ya pili, hakuna mwenye mkataba aliyepata wala kupoteza senti kwa mruko huo.

Mfano unaolionyesha jambo hili waziwazi ni Aprili 2020. Korona ilikuwa imezima magari na ndege, mafuta hayanunuliki, na matangi ya Cushing yanajaa. Ijumaa tarehe 17, mkataba wa Mei ulifunga siku kwa dola 18.27 kwa pipa. Wa Juni, siku hiyohiyo na saa hiyohiyo, ulifunga kwa dola 25.03. Jumatatu tarehe 20, wa Mei ulifunga kwa hasi 37.63, na wa Juni kwa 20.43.

Sasa chukua mtu aliyekuwa ameshika mkataba mmoja wa kununua na akahama Ijumaa jioni: ameuza Mei kwa 18.27, amenunua Juni kwa 25.03. Chati yake ya mfululizo isiyorekebishwa, kama nayo imehama siku hiyo, itamwonyesha 18.27 Ijumaa na 20.43 Jumatatu. Yaani imepanda dola 2.16. Mkataba mmoja ni mapipa 1,000, kwa hiyo kwa macho ya chati amepata dola 2,160. Kwenye akaunti, Juni imetoka 25.03 hadi 20.43, na amepoteza dola 4,600. Chati inasema kapata, akaunti inasema kapoteza, na inayosema kweli ni akaunti.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya kuhama ni kuijua tarehe, na kuihesabu mwenyewe badala ya kungoja jukwaa likukumbushe. Kwa WTI, siku ya mwisho ya biashara ni siku 3 za kazi kabla ya tarehe 25 ya mwezi unaotangulia mwezi wa kukabidhi. Tarehe 25 ikiangukia siku isiyo ya kazi, unaanza kuhesabu kutoka siku ya kazi iliyo kabla yake. Tarehe 25 Aprili 2020 ilikuwa Jumamosi, hivyo tunaanzia Ijumaa 24 na kurudi nyuma: 23, 22, 21. Mkataba wa Mei ulikufa Jumanne tarehe 21 Aprili. Angalia jina lake linavyopotosha: mkataba wa Mei unaisha Aprili, na anayeusoma kwa haraka hudhani bado ana mwezi mzima.

Lakini siku ya mwisho si siku ya kuhama. Wafanyabiashara wengi huondoka mapema, na wanaobaki wanauziana katika soko jembamba ambalo oda chache tu zinatosha kuliyumbisha. Fungua mikataba miwili kando kando, kwa mfano `CLK2020` na `CLM2020` (K ni Mei, M ni Juni), uangalie kila siku idadi ya mikataba iliyouzwa na idadi iliyobaki wazi. Mkataba mpya ukiupita wa zamani kwa yote mawili, soko lenyewe limeshahama. Waliosubiri hadi Jumatatu ile ya tarehe 20 walikuta mnunuzi hayupo, kwa sababu aliyenunua Mei siku hiyo alipaswa kuwa na tangi tupu Cushing.

La pili ni kuandika bei mbili za wakati mmoja. Hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Wanachukua bei ya mwisho iliyouzwa kwenye mkataba wa zamani, ambayo inaweza kuwa ya saa nzima iliyopita, na kuilinganisha na bei ya sasa ya mkataba mpya. Tofauti wanayoipata ina mwendo halisi wa saa hiyo ndani yake. Tumia bei rasmi ya kufungia siku ya mikataba yote miwili. Kwa WTI, bei ya mkataba unaoongoza hupatikana kutokana na biashara za kati ya saa 8:28 na 8:30 mchana za New York. Kwa saa za Nairobi na Dar es Salaam hiyo ni saa 3:30 usiku wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa 4:30 usiku wakati wa baridi yao. Ukishazipata, hesabu ni fupi:

```
pengo = bei mpya - bei ya zamani
6.76  = 25.03 - 18.27
```

Namba hiyo iandike mahali pamoja na tarehe, maana utaihitaji kila unapotaka kujua kama chati yako imerekebishwa vizuri.

La tatu ni oda yenyewe. Kuuza Mei kwanza kisha kununua Juni kwa oda mbili tofauti kunakuacha wazi katikati, na katika soko la Aprili ile dakika moja ilitosha kukugharimu zaidi ya pengo lote. Soko lina oda ya pamoja inayotekeleza pande zote mbili kwa mpigo, na bei yake ni tofauti ya miezi miwili. Tahadhari na alama ya kutoa: CME, soko la Marekani linalouza mikataba hii, huandika mwezi wa karibu kutoa mwezi wa mbali, hivyo Ijumaa ile tofauti ilisomeka -6.76. Aliyeshika Mei ya kununua na anataka kwenda Juni *anauza* tofauti hiyo. Akibonyeza kununua, anaongeza Mei ya pili na kuuza Juni, na hilo si kuhama hata kidogo.

Halafu kuna suala la chati ipi uiamini, nalo linataka muda zaidi, kwa sababu hakuna chati ya mfululizo iliyo sahihi kwa kila kazi. Njia ya kwanza ya kurekebisha ni kuongeza tofauti: bei zote za kabla ya kiungo zinapandishwa kwa 6.76, kwa hiyo Ijumaa inakuwa 25.03 na Jumatatu inabaki 20.43. Sasa chati inaonyesha anguko la 4.60, sawasawa na akaunti. Kwenye TradingView ni kitufe cha `B-ADJ` chini kulia. Kwenye NinjaTrader ni `MergeBackAdjusted`. Faida yake ni kwamba kila mwendo wa dola na senti unabaki ulivyokuwa. Hasara yake ni asilimia. Alhamisi tarehe 16 Aprili mkataba wa Mei ulifunga kwa 19.87, hivyo Ijumaa ulishuka dola 1.60, karibu asilimia 8. Kwenye chati iliyorekebishwa kushuka ni kulekule kwa dola 1.60, lakini kutoka 26.63, yaani asilimia 6 tu. Marekebisho ya miaka mingi yakirundikana, bei za zamani zinakuwa namba ambazo hakuna mtu aliyewahi kununua wala kuuza kwazo. Kuchora mstari wa msaada juu ya bei kama hiyo ni kuchora juu ya hewa.

Njia ya pili ni kuzidisha kwa uwiano. Gawa 25.03 kwa 18.27 unapata 1.37, zidisha historia yote kwa namba hiyo. Alhamisi inakuwa 27.22, Ijumaa 25.03, na kushuka kunabaki asilimia 8 kama kulivyokuwa kweli. Kwa kupima mkakati unaotegemea asilimia, njia hii ndiyo bora. Lakini jaribu kuhama kwa bei za Jumatatu: 20.43 gawa kwa hasi 37.63 inatoa hasi 0.54, na ukizidisha, historia nzima ya mafuta inapinduka juu chini. Ukikuta data ya WTI yenye bei hasi za miaka mingi kabla ya 2020, au mistari iliyogeuka kama kivuli cha mti majini, anza kutafuta kosa hapo.

Chati isiyorekebishwa nayo ina kazi yake: inaonyesha bei zilizouzwa kweli. Usiiache tu ilishe viashiria. Wastani wa kawaida wa ukubwa wa mwendo wa kila siku, yaani ATR ya siku 14, ukikutana na gepu la 6.76 unavimba kwa karibu dola 0.48, kwa wiki karibu tatu, na mtu anayeweka stopu, oda ya kukata hasara, kwa kipimo hicho ataiweka mbali kuliko soko linavyotaka. Bei ya oda, kwa vyovyote vile, isomwe kwenye mkataba halisi unaoushika.

Kutambua gepu la kiungo ni rahisi ukiwa na mikataba miwili wazi. Nenda tarehe ya gepu katika kila mmoja. Kama limo ndani ya mkataba huohuo mmoja, soko lilisogea kweli. Kama halimo katika wowote, ni mshono wa chati.

Wanaofanya biashara ya mafuta kwa broka wa CFD, ambako unafuata bei tu bila kushika mkataba wenyewe, kama wengi wa Nairobi na Dar, wana jambo la ziada. Pale hakuna siku ya kufa inayoonekana. Broka anabadilisha usiku mkataba ambao bei yake inaufuata, na bei inaruka. Ili pengo lisimpe mtu faida wala hasara, anaweka au kukata fedha. Kwa pengo la 6.76 na nafasi ya mapipa 100, mnunuzi anakatwa dola 676 na muuzaji anawekewa dola 676. Kinachouma ni stopu. Mtu aliyeuza kwa 18.27 na stopu ya 21 anaweza kuikuta imegongwa bei ilipofunguka 25.03, nafasi imefungwa bila soko kusogea. Kabla ya usiku huo soma kalenda ya broka, uliza kama oda zinazosubiri zinasogezwa pamoja na bei, na kama hazisogezwi, ziondoe uziweke upya asubuhi kwa kuongeza pengo.

Ukishahama, fungua orodha ya nafasi zako na uhesabu. Iwepo Juni peke yake, kwa idadi ileile uliyokuwa nayo Mei. Mabroka wengi wa rejareja hufunga kwa nguvu nafasi iliyosalia siku chache kabla ya mwisho, kwa bei yoyote iliyopo. Mkataba wa Mei uliosahaulika hadi soko lake likafungwa Jumanne tarehe 21 ni wajibu wa kupokea mapipa 1,000 Cushing.