Mkataba wa minofu ya sangara kwa Kirusi: jinsi ya kupata tafsiri isiyobadilisha dhima

Ukiuza minofu ya sangara kutoka Mwanza kwenda Urusi, andaa mkataba wa safu mbili, Kiingereza upande mmoja na Kirusi upande wa pili. Kutafuta mfasiri na kupatana bei unajua mwenyewe. Sisi muda wetu ulipotea kwenye kifungu cha dhima.

Kabla ya kukabidhi faili, mpe mfasiri orodha ya istilahi: Muuzaji ni Prodavets, Mnunuzi ni Pokupatel, Bidhaa ni Tovar. Kila moja ifafanuliwe mara moja mwanzoni, kisha ianze kwa herufi kubwa hadi mwisho. Kirusi hubadilisha miisho ya majina, kwa hiyo ukitafuta `Продавец` kompyuta haitakuonyesha `Продавца`. Tafuta shina, `Продав`. Halafu tafuta `Продукц`: katika rasimu tuliyoletewa, kifungu cha malipo kilisema Tovar lakini cha ubora kilisema produktsiya, neno ambalo halikufafanuliwa popote. Hapo mtu anaweza kudai kwamba masharti ya ubora hayahusu minofu mliyouziana.

Sasa dhima. Tuseme mzigo ni wa dola 90,000, na kuchelewa kunatozwa asilimia 0.1 kwa siku, yaani dola 90, mwisho asilimia 10, yaani dola 9,000. Nakala ya Kiingereza inasema mnunuzi hatadai zaidi ya hapo. Kwa tozo hiyo, rasimu yetu ya Kirusi iliandika ubitki, ambayo ni hasara halisi inayopaswa kuthibitishwa, pamoja na faida iliyokosekana. Tozo iliyokubaliwa mapema ni neustoika, na ile inayohesabiwa kwa siku huitwa penya.

Hata neustoika peke yake haitoshi ikiwa mkataba unaongozwa na sheria ya Urusi. Kifungu cha 394 cha Kanuni ya Kiraia kinasema hasara hulipwa kwa sehemu isiyofunikwa na tozo, isipokuwa sheria au mkataba useme vingine. Mnunuzi akithibitisha hasara ya dola 15,000, atachukua 9,000 za tozo kisha adai 6,000 zilizobaki. Ili aishie 9,000, safu ya Kirusi lazima iseme wazi kwamba inalipwa neustoika tu, hasara hailipwi. Mwekee mfasiri alama kwenye sentensi hiyo, maana ndiyo iliyoachwa kwetu. Hata ikiandikwa vizuri, haitamlinda anayevunja mkataba kwa makusudi. Kifungu cha 401 kinabatilisha kinga ya namna hiyo ikikubaliwa mapema.

Mwisho soma kifungu cha lugha, uone ni nakala ipi inatawala zikitofautiana. Ikiwa ni ya Kirusi, safu hiyo ndiyo mkataba wako. Usisaini hadi mwanasheria anayejua sheria ya Urusi aisome bila kutazama Kiingereza, akueleze kwa maneno yake unadaiwa nini ukichelewa.