Kete tupu: usiitoe kabla ya bingo

Katika Scrabble ya Kiingereza kuna kete 100, na tupu ni mbili tu. Kete tupu haina pointi yoyote, ila inakubali kuwa herufi unayoitaka. Ukishaitaja, inabaki herufi hiyo mpaka mchezo uishe. Ukishusha kete zako zote saba kwa mkupuo, unaongezewa pointi 50. Hiyo ndiyo bingo, na hapo ndipo tupu inapolipa.

Hatua ya 1: Linganisha kabla ya kuigusa. Tafuta neno bora lenye tupu, kisha neno bora lisilo nayo. Tofauti isipofika pointi 30 hivi, mimi naiacha kwenye reki, kile kibao cha kusimamishia kete zako.

Tuseme una A, E, R, T, V, W na tupu. Bingo hakuna. Mkono unawasha kuweka WAVES, tupu ikiwa S, kwenye nyumba inayozidisha neno mara mbili: pointi 20. Lakini ubaoni kuna O iliyo wazi pande zote mbili, na VOW inakupa 9. Umekosa 11, sawa. Ila umeziondoa V na W, ambazo hazipatani na herufi nyingine, na umebaki na A, E, R, T na tupu.

Hatua ya 2: Pitia alfabeti nzima. Umechota I na N. Sasa una A, E, I, N, R, T na tupu. Wengi hukimbilia S, wanaiona RETAINS, halafu wanakosa pa kuiweka na kukata tamaa. Ipe tupu herufi moja baada ya nyingine, huku ukizichanganya zile sita: C inatoa CERTAIN, D inatoa TRAINED, G ni GRANITE, H ni HAIRNET, K ni KERATIN, L ni LATRINE, P ni PAINTER. Mimi huitenga tupu pembeni mwa reki ili macho yasiizoee kama S.

Hatua ya 3: Acha ubao uchague herufi. Neno pekee lililo wazi mwishoni ni RAN. Halipokei S, ila linapokea K na kuwa RANK. Kama chini ya nyumba inayofuata RAN kuna nyumba sita zisizo na kete ambazo hazigusi maneno mengine, shusha KERATIN wima. KERATIN ni 6 kwa kuwa K yako ni sifuri, RANK ni 3, bonasi 50: jumla 59, kabla ya kuhesabu nyumba za rangi zinazozidisha pointi.

Wakati wa kuachia. Reki ikiwa mbovu na hakuna mahali pa kuzitupa kete, badilisha kete mbaya na ubaki na tupu. Hilo linaruhusiwa tu mfukoni kukiwa na kete saba au zaidi. Zikipungua hapo, na ubao umejifunga kiasi kwamba neno refu halipiti, usiendelee kungoja. Itumie tupu kumaliza kete zako kabla ya mpinzani.