VPN na ping ya gemu: pima njia kabla hujalipia

VPN haiongezi kasi ya mtandao wako. Inachobadilisha ni njia ambayo pakiti za gemu hupitia, kwa hiyo ping itashuka pale tu kampuni yako ya mtandao inapokuzungusha. Kazi kubwa ni kujua kama unazungushwa.

Tumchukue mchezaji wa PUBG Mobile aliye Dar es Salaam, na tuseme seva ya gemu iko Dubai. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 hula milisekunde 10, kwenda na kurudi. Dar hadi Dubai ni kama kilomita 4,000 ukinyoosha mstari. Chini ya 40 haiwezekani, na kwa kuwa nyaya za baharini hupinda na ufukwe, 70 au 80 ni ping nzuri sana. Lakini kampuni yake ikipeleka pakiti Marseille, Ufaransa, kwanza ndipo zirudi Ghuba, safari inapita kilomita 11,000, na gemu inaweza kuonyesha 180 hata akiwa na simu ya bei mbaya. Huyu ndiye VPN inayeweza kumsaidia. Anayepata 80 tayari ataongeza tu kituo cha njiani.

1. Pima kipande cha kwanza

Fungua Termux, programu ya Android ya kuandikia amri, VPN ikiwa imezimwa, uandike:

```
ping -c 50 1.1.1.1
```

Anwani hii mara nyingi hujibiwa na seva ya karibu, kwa hiyo inakuonyesha hali ya waifai yako au ya mnara. Soma mstari wa mwisho, `min/avg/max/mdev`. Ukiona min ni 25 na max ni 400, au pakiti kadhaa zimepotea, acha habari za VPN kwanza. Kipande hicho utakipita vilevile, iwe umeiwasha au umeizima. Sogea karibu na ruta, hamia 5 GHz, au jaribu laini nyingine.

2. Chagua seva ya VPN

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Gemu iko Dubai, basi wanachagua VPN ya Dubai. Lakini njia ya kuifikia seva hiyo bado inaamuliwa na kampuni ileile, na huenda ikapitia Marseille kama kawaida. Mara nyingi inafaa zaidi seva iliyo karibu na wewe, ambayo mtandao wake una njia iliyonyooka kwenda mbele. Kwa mchezaji wetu ningeanza na Nairobi au Mombasa, kwa sababu waya wa TEAMS unatoka Mombasa moja kwa moja hadi Fujairah, jirani na Dubai.

Chukua anwani iliyo kwenye mstari wa `Endpoint` wa faili la mipangilio unalopewa na kampuni ya VPN, uipige ping kabla hujaiwasha. Dar hadi Nairobi tegemea 20 hadi 40. Ukipata 160, huenda seva hiyo haipo Kenya, au kampuni yako inakuzungusha hata kuifikia. Kampuni nyingi za VPN huweka bendera ya nchi moja huku mashine iko nchi nyingine. Iache. Ukipata 30, na kutoka Nairobi hadi gemu ikawa 70, jumla ni 100 badala ya 180. Tofauti hiyo utaihisi kwenye risasi ya kwanza.

3. Tumia WireGuard, na gemu peke yake

WireGuard na OpenVPN ni mbinu mbili za kuunganisha VPN. Epuka OpenVPN inayopita kwa TCP. Pakiti moja ikipotea, TCP huzuia zote zilizo nyuma mpaka ile iliyopotea itumwe upya, na mchezaji anaona adui ameganda kisha anaruka. WireGuard hutumia UDP na haina foleni hiyo. Kwenye Android, ongeza mstari huu chini ya `[Interface]` katika faili lilelile la VPN, ili gemu peke yake ipite ndani yake:

```
IncludedApplications = com.tencent.ig
```

Sasa WhatsApp na masasisho havipiti huko. Kumbuka Termux nayo itakuwa nje ya VPN, kwa hiyo kuanzia hapa soma ping ndani ya gemu.

4. Linganisha saa ileile

Cheza mechi bila VPN, kisha nyingine ukiwa nayo, zote jioni watu wanapojaa mtandaoni. Asubuhi hata VPN ya bure huonekana nzuri. Kama ping imeshuka kwa 10 lakini inayumba kati ya 90 na 200, izime: 120 iliyotulia inachezeka kuliko hiyo.

Walioko Tanzania wakumbuke kwamba mwaka 2023 TCRA iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili. Soma pia masharti ya gemu yako.

Rudia vipimo kila waya wa baharini unapokatika, kama tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika pamoja. Siku kama hizo njia zote huhama, na seva iliyokupa 100 juzi inaweza kuwa ndiyo inayokuzungusha leo.