Viza ya mzazi imekataliwa kwa "nyaraka zisizoaminika": andika barua hivi

Umemwalika mama aje akutembelee, na ubalozi wa nchi ya Shengeni umemkatalia. Kabla hujaandika chochote, soma fomu ya kukataliwa mpaka mwisho. Sheria inautaka ubalozi uonyeshe sababu na utaje mahali pa kukata rufaa, lakini utaratibu ni wa kila nchi. Ufaransa inatoa siku 30 na inataka barua ya rufaa iwe kwa Kifaransa. Uholanzi inatoa wiki nne. Ujerumani ilifuta barua za namna hii kuanzia tarehe 1 Julai 2025, kwa hiyo huko kumebaki mahakama au maombi mapya.

Njia ikiwepo, tafuta karatasi iliyozua shaka. Fomu huweka alama tu kwenye sababu. Kwa kawaida haisemi ni waraka upi. Mara nyingi ni taarifa ya benki. Tuseme mama anapokea pensheni ya yuro 200 kwa mwezi, kisha wiki mbili kabla ya kuomba zikaingia yuro 3,000 kwa mkupuo. Afisa anaona pesa za kuazima, zilizowekwa ili salio lipendeze. Kumbe umezituma wewe, na hukueleza popote.

Barua ijibu hapo hapo. Juu weka jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya maombi na tarehe ya uamuzi, kisha nukuu sababu neno kwa neno. Halafu:

"Yuro 3,000 zilizoingia tarehe 4 Machi zilitumwa na mwanangu kwa ajili ya safari hii. Kiambatisho cha 1 ni risiti ya benki yake, cha 2 ni taarifa ya akaunti yake ya miezi mitatu inayoonyesha mshahara wake, na cha 3 ni cheti chake cha kuzaliwa chenye jina langu."

Inatosha. Kilio cha kurasa tatu kuhusu miaka mliyokosa kuonana hakimsaidii afisa, kwa sababu alichotilia shaka ni chanzo cha pesa, wala si mapenzi yenu.

Linganisha viambatisho na fomu ya maombi mliyojaza mwanzo. Kama mle iliandikwa kwamba mama anajigharamia mwenyewe na sasa unasema unamgharamia wewe, umeongeza shaka ya pili. Eleza badiliko hilo waziwazi. Na kama kuna waraka uliochongwa na wakala, usiutetee kabisa.

Mwenye maombi ni mama, kwa hiyo asaini yeye. Ukisaini wewe, ambatisha hati ya uwakilishi na nakala ya pasipoti yake. Tuma kwa njia inayotoa risiti yenye tarehe, maana barua ikichelewa inaweza kukataliwa bila hoja zako kusomwa.